Nimezipima simu tatu kwa jedwali la alama, Spark imeshinda ila roho inagoma. Naomba mnikagulie

Mama_Vitenge

Habari za leo wakuu. Mi nauza vitenge na mashuka hapa Morogoro, biashara yangu asilimia kubwa iko kwenye simu, napiga picha mzigo ukifika, naweka status, wateja wanachagua humo humo wanalipa. Simu niliyonayo imechoka, chaji inaisha saa nane mchana na sehemu ya kuhifadhi imejaa mpaka kila siku nafuta picha. Nina laki tano na nusu, haiongezeki hata mia.

Nimeenda Kariakoo nikazunguka maduka matatu, nimebaki na hizi: Samsung Galaxy A15 ya ram 6 na GB 128 kwa 430,000, Redmi Note 13 ya ram 8 na GB 256 kwa 520,000, na Tecno Spark 20 Pro ya ram 8 na GB 256 kwa 450,000. Mdogo wangu yuko chuo akanifundisha kutengeneza jedwali kwenye eksel, unaandika vigezo, kila kigezo unakipa uzito, uzito wote ujumlike 100, alafu kila simu unaipa alama 1 mpaka 10. Unazidisha, unajumlisha, unagawa kwa 100. Nimefanya hivi:

| Kigezo | Uzito | A15 | Redmi Note 13 | Spark 20 Pro |
|---|---|---|---|---|
| Bei | 25 | 10 | 1 | 8 |
| Kamera | 20 | 4 | 9 | 9 |
| Betri | 20 | 8 | 8 | 8 |
| Spidi | 15 | 7 | 6 | 8 |
| Skrini | 10 | 8 | 10 | 6 |
| Nafasi ya kuhifadhi | 10 | 5 | 9 | 9 |
| Jumla | 100 | 7.25 | 6.45 | 8.10 |

Bei nimefanya ya chini kabisa ipate 10, ya juu kabisa ipate 1, ya katikati nimeigawa kwa uwiano. Kamera nimeangalia megapikseli, 50 kwa Samsung na 108 kwa hizo mbili. Sasa Spark imeshinda mbali, ila mimi moyoni naiona Redmi ndo simu yangu na jedwali limeiweka mwisho kabisa. Nifuate moyo au nifuate jedwali? Au kuna mahali nimekosea?

Chuma_Chakavu

Dada uzito umekosea wote. A15 ina gramu 200, Redmi Note 13 ni kama gramu 188 na nusu hivi. Hakuna simu ya gramu 25. Angalia vizuri nyuma ya boksi.

Mama_Vitenge

Hapana kaka, uzito hapa ni umuhimu wa kigezo, sio wa simu kwenye mzani. Ila asante kwa hizo gramu maana nashika simu siku nzima.

Juma_Pwani

Hayo majedwali dawa yake ni moja, ukiona simu unayoipenda haijashinda rudi kwenye uzito urekebishe. Bei ipunguze mpaka 10, kamera ipandishe 35, utaona Redmi inapanda yenyewe. Uzito ni wako, hakuna sheria inayokukataza.

Mzani

Juma uko sawa kwamba uzito ni wa mwenye hela, hakuna mtu wa nje anayeweza kumpangia. Ila kuurekebisha baada ya kuona jumla ndo kuliua jedwali lenyewe, maana hapo halikusaidii tena kuchagua, linakuandikia tu barua ya kuthibitisha ulichokwisha amua. Mi nimekaa kwenye kamati za kutathmini zabuni miaka mingi, pale uzito unaandikwa na kutangazwa kabla bahasha hazijafunguliwa, na sababu ni hiyo hiyo.

Mama Vitenge, roho yako kugoma sio jambo la kupuuza. Roho ikipingana na jumla mara nyingi kuna kigezo umekisahau au kuna mizani imepinda. Kwako naona imepinda, na imepinda kwenye bei. Tazama. Redmi imezidi A15 kwa elfu 90, yani kama asilimia 21 tu. Ila kwenye alama moja ina 10 nyingine ina 1, kana kwamba moja ni bure na nyingine haishikiki. Zidisha na uzito: tofauti ya alama 9 mara 25 ni 225, ukigawa kwa 100 ni 2.25. Kamera tofauti ni alama 5 mara 20, ni 1.00. Kwa hiyo jedwali lako linasema elfu 90 ina thamani kwako zaidi ya mara mbili ya tofauti yote ya kamera kati ya simu mbovu na nzuri. We ni mtu unaeuza kwa picha. Je ni kweli?

Mama_Vitenge

Sio kweli kabisa. Picha ikitoka vibaya kitenge chekundu kinaonekana kama cha kahawia mteja anarudisha, nauli ya kutuma na kurudisha mwezi mmoja tu inaimaliza hiyo tofauti. Lakini mbona bei nimeipa 25 na kamera 20, zinakaribiana?

Mzani

Hapo ndo watu wengi wanateleza. Uzito peke yake haukwambii kitu mpaka ujue umbali kati ya alama ya chini na ya juu kwenye hicho kigezo. Ukibana mizani ya bei kwenye hizo elfu 90 tu, 25 yako yote inatumika kwenye elfu 90. Ukiitanua, 25 hiyo hiyo inasambaa kwenye hela nyingi zaidi. Jaribu ile njia nyingine ambayo watu hutumia, bei ya chini gawanya kwa bei ya simu mara 10. A15 inabaki 10, Spark inakuwa 9.6, Redmi inakuwa 8.3. Hujagusa uzito hata mmoja ila jumla inakuwa A15 7.25, Spark 8.50, Redmi 8.28. Redmi ilikuwa ya mwisho kwa mbali sa hivi inapumulia shingo ya Spark.

Juma_Pwani

Sasa si umefanya kile kile ulichonikataza? Umebadilisha hesabu mpaka Redmi imepanda.

Mzani

Swali zuri na ndo maana sijamwambia atumie hiyo. Hiyo nayo ina ubaya wake, bei inakuwa kama haipo, tofauti kubwa kabisa inakuwa alama 1.7 tu. Nilitaka aone kwamba jibu lilikuwa limefichwa kwenye mizani na sio kwenye simu.

Njia ninayoiamini mimi ni kufunga ncha mbili kwa kutumia mfuko wako kabla hujatazama simu yoyote. Kwa mfano sema laki tatu na nusu ndo bei ambayo ukiipata unafurahi kabisa, hiyo ni 10. Laki sita ni nje ya uwezo wako, hiyo ni 0. Kila elfu 25 inakuwa alama moja. A15 inapata 6.8, Spark 6.0, Redmi 3.2. Hizo namba hazitabadilika hata ukiletewa simu nyingine kumi mezani.

Kaka_Kisauni

Hapo kwa simu nyingine mezani nimeamka. Ati ukiongeza simu moja hizo za mwanzo zaweza kubadilika? Mbona simu ni zile zile?

Mzani

Kwa ile mizani yake ya kwanza zinabadilika, ndio. Chukua jedwali lake la juu, ongeza simu ndogo ya 250,000 ambayo hata hana mpango wa kuinunua. Sasa 250 ndo inapata 10, 520 inabaki na 1. A15 inashuka kutoka 10 hadi 4, Spark inashuka kutoka 8 hadi 3.3. Jumla ya A15 inatoka 7.25 inaenda 5.75, Spark inakuwa 6.93, Redmi inabaki 6.45 kwasababu yeye alikuwa chini tayari. Mwanzo A15 ilikuwa juu ya Redmi, sasa iko chini yake. Hakuna kilichobadilika kwenye A15 wala kwenye Redmi, imeingia tu simu ya nne ya laki mbili na nusu ikasimama pembeni.

Kaka_Kisauni

Wallahi nimefanya hesabu kwa karatasi, ni kweli. Na mimi nilinunua friji kwa njia hii mwaka jana. Sitaki hata kurudi kuangalia.

Mwl_Kihesa

Naomba niongeze kitu. Mama Vitenge betri umeipa 20 alafu zote umezipa 8, na ni kweli zote tatu ni za 5000. Kigezo ambacho wote wamefungana hakichagui mtu, ni kama kuwapa darasa zima mtihani ambao wote wamepata B. Umetumia moja ya tano ya jedwali kwa kitu ambacho hakisemi lolote. Bora ungeweka kasi ya kuchaji, hapo zinatofautiana, A15 ni wati 25 hizo mbili ni wati 33. Na mimi ningeongeza vigezo vingine vya kutosha: ram, prosesa, gemu, kufungua programu kwa haraka, ili jedwali liwe na upana.

Mzani

Mwalimu ya betri umepiga penyewe. Ya pili hapana. Ram, prosesa, gemu na kufungua programu ni kitu kimoja kimevaa mashati manne. A15 na Spark zote zinatumia Helio G99, Redmi inatumia Snapdragon 685 ambayo iko nyuma kidogo. Ukiiandika mara nne, Redmi inaadhibiwa mara nne kwa kosa moja. Mtu wa vitenge spidi kwake ni mstari mmoja na uzito mdogo.

Mama_Vitenge

Na kamera je? Nimeziona 108 nikaona basi hizo zimeshinda.

Mzani

Megapikseli usizipe alama, zipe picha alama. Ile ya 108 ukipiga kawaida bila kugusa seting inaunganisha nukta tisa kuwa moja, picha inatoka ya megapikseli 12. Ile ya 50 inaunganisha nne kuwa moja, inatoka ya 12 na nusu. Kwa hiyo zote tatu zinakupa picha za ukubwa ule ule karibu. Ya nani ni nzuri zaidi haimo kwenye hiyo namba.

Fanya hivi. Chukua kitenge kimoja chenye nyekundu na kimoja cha bluu iliyokolea, nenda nacho dukani. Kila simu ipige mara mbili, chini ya taa ya duka na pale mlangoni penye mwanga wa jua. Jitumie picha kama faili, sio kama picha ya kawaida ya WhatsApp maana inaibana. Mdogo wako abadilishe majina ziwe A, B, C bila wewe kujua, alafu mpe kitenge chenyewe mteja wako mmoja na rafiki mmoja wakiwa wamekishika mkononi, kila mtu atoe alama, mnapata wastani.

Bi_Salma

Samahani nachomekea la kwangu kwasababu najua atakutana nalo. Mimi nina laini mbili na zote zina hela, moja ya wateja wa huku nyingine ya mzigo. Nilinunua simu kwa kulinganisha hivi hivi, nafasi ilikuwa ndogo ila nikasema haina shida nitaweka memori kadi. Kufika nyumbani natoa kile kisahani cha laini kina matundu mawili tu, la pili ni ama laini ama kadi. Huwezi kuweka vyote. Nikabaki na simu ya GB 64 miaka miwili nafuta picha za watoto. Hakuna jedwali lililoniambia.

Mzani

Bi Salma hili sio la kuchomekea, ndo linatangulia. Kitu ambacho kisipokuwepo simu haikufai, hakipewi uzito kabisa, kinakaa mlangoni. Jedwali la alama lina tabia ya kusamehe, skrini nzuri inafidia kamera mbaya, bei nzuri inafidia spidi ndogo. Ila kuna vitu havifidiki. Skrini hata iwe na 10 haiwezi kukupa tundu la laini. Kwahiyo andika kwanza masharti ya mlangoni, simu isiyoyapita haiingii kwenye jedwali hata kama ni ya kwanza kwa mengine yote.

Mwl_Kihesa

Na apdeti? Hakuna aliyezitaja. Simu yangu ya zamani ilifika mahali programu ya benki ikakataa kufunguka kabisa, inasema android yako ni ya zamani, na simu yenyewe ilikuwa nzima haina hata mkwaruzo.

Mzani

Hicho ndo kigezo nilichosema kimesahaulika. Samsung waliahidi kwa maandishi A15 ipate matoleo manne ya android na miaka mitano ya apdeti za usalama, na ilitoka Desemba 2023. Kwa hizo nyingine mbili mpe alama kwa ahadi utakayoikuta imeandikwa na kampuni yenyewe, sio kwa maneno ya muuzaji. Uzito wake unategemea jambo moja tu: unakaa na simu muda gani?

Mama_Vitenge

Hii ninayoandikia ina mwaka wa tano. Mi nakaa nayo mpaka ife.

Naombeni siku mbili tatu niende na vitenge vyangu.

Juma_Pwani

Wakati tunasubiri, mimi nimejaribu ya kwangu ya pikipiki ila jumla zinatoka za ajabu. Ya kwanza iko sawa, nikiivuta kwenda kulia ya pili inatoka namba ndogo mno.

Mwl_Kihesa

Hujaweka alama ya dola, ukivuta fomula kulia safu ya uzito nayo inasogea, inaanza kuzidisha alama kwa alama. Andika hivi chini ya safu ya simu ya kwanza, uzito ukiwa B na vigezo vikiwa mstari wa 2 mpaka wa 8:

```
=SUMPRODUCT($B$2:$B$8,C2:C8)/SUM($B$2:$B$8)
```

Hapo B inagandishwa, C ndo inatembea. Na kwa kuwa inagawa kwa jumla ya uzito, hata uzito wako usipofika 100 kamili haitaharibu. Kama eksel yako inakataa koma jaribu nukta mkato.

Juma_Pwani

Imekubali. Asante mwalimu.

Mama_Vitenge

Nimerudi. Uzito nimeuandika juzi usiku kabla sijaenda, nikampigia picha mdogo wangu akae nao. Picha tumepiga, majina tumeficha, watu watatu wametoa alama. Tofauti ni ndogo kuliko nilivyodhani, Redmi wastani 8, hizo mbili 7 na 7. Kwenye apdeti zile mbili ambazo sijaona ahadi iliyoandikwa nimezipa 5 zote, A15 nimeipa 9. Chaji nimefuata wati.

| Kigezo | Uzito | A15 (128) | Redmi Note 13 | Spark 20 Pro |
|---|---|---|---|---|
| Bei | 20 | 6.8 | 3.2 | 6.0 |
| Picha za vitenge | 30 | 7 | 8 | 7 |
| Apdeti | 15 | 9 | 5 | 5 |
| Nafasi | 10 | 6 | 9 | 9 |
| Spidi | 10 | 7 | 6 | 8 |
| Chaji | 10 | 6 | 8 | 8 |
| Skrini | 5 | 8 | 9 | 6 |
| Jumla | 100 | 7.11 | 6.54 | 6.85 |

Sasa A15 ambayo sikuwa na mpango nayo ndo ya kwanza. Redmi ya moyo bado ya mwisho. Kusema kweli baada ya kuona picha bila majina moyo wenyewe umetulia, nilikuwa napenda ile 108.

Mzani

Kazi nzuri sana, hasa hiyo ya kuandika uzito kabla. Sasa usinunue bado, itikise kwanza. Kati ya 7.11 na 6.85 kuna 0.26 tu, na alama zako zenyewe ukizirudia kesho zinaweza kuyumba zaidi ya hapo. Badilisha uzito mmoja mmoja kidogo uone nani anashika nafasi.

Nimejaribu mbili. Nimetoa 10 kwenye bei nikapeleka kwenye picha, picha ikawa 40: A15 7.13, Redmi 7.02, Spark 6.95. Mshindi hajabadilika. Alafu nimetoa 5 tu kwenye apdeti nikapeleka kwenye nafasi: Spark 7.05, A15 6.96. Mshindi amebadilika. Redmi ili ishinde kwenye jedwali lako ingebidi picha zake zipate 10 kamili, na watu wako watatu hawajasema hivyo. Kwa hiyo Redmi iweke pembeni kwa amani, na ubishi wote uliobaki uko kwenye apdeti na nafasi.

Bi_Salma

Na kisahani cha laini umekitazama?

Mama_Vitenge

Nimekitazama Bi Salma, nilimwomba kijana atoe. A15 iko kama ulivyosema, laini moja, na tundu la pili ni laini au kadi. Mi laini zangu ni mbili na siwezi kuacha hata moja. Nilijua nimeipa nafasi 6 kwasababu ya kadi, kumbe kadi kwangu haipo.

Na kingine, boksi la A15 halina chaja, ni waya tu. Zile mbili nilizofunguliwa zina chaja ndani. Chaja ya wati 25 nimeulizia ni 35,000.

Mzani

Basi A15 ya GB 128 imekwama mlangoni. Picha zako kwenye simu ya sasa zimekula kiasi gani?

Mama_Vitenge

Simu ni ya 128 na imejaa. Picha na video pekee ni kama 80, na hapo nafuta kila siku.

Mzani

Ndo hivyo, haipiti. Ila kuna A15 ya ram 8 na GB 256, ulizia bei yake. Na kwenye mstari wa bei usiandike bei ya boksi, andika hela yote itakayotoka mfukoni mpaka simu iwe inafanya kazi. Chaja ni sehemu ya bei.

Mama_Vitenge

Nimempigia. A15 ya 256 ni 495,000. Na chaja 35,000 inakuwa 530,000. Kwenye ile mizani ya laki sita inapata 2.8. Nafasi nimeipandisha ikawa 9, spidi 8 kwasababu ya ram. Jumla mpya ni 6.71. Spark 6.85. Imerudi Spark!

Juma_Pwani

Si nilisema. Umezunguka wiki nzima umerudi ulikoanzia.

Mwl_Kihesa

Hajarudi alikoanzia. Mwanzo Spark ilishinda kwa sababu mbili za uongo, mizani ya bei na megapikseli. Sa hivi inashinda kwa 0.14 na anajua hiyo 0.14 imetoka wapi.

Mzani

Na hiyo 0.14 unaweza kuigeuza kuwa hela, hapa ndo napenda mizani yenye ncha zilizofungwa. Elfu 25 ni alama moja, uzito wa bei ni 20, kwa hiyo elfu 25 ni 0.20 kwenye jumla. 0.14 ni 17,500. Maana yake A15 ya 256 ikishuka 17,500 inalingana na Spark, ikishuka zaidi ya hapo inaipita kwa hesabu zako mwenyewe. Nenda dukani na namba hiyo kichwani, huna haja ya kubishana kuhusu simu ipi ni nzuri, unabishana kuhusu 17,500.

Kaka_Kisauni

Lakini wa Spark naye ukimbana atashusha. Hapo si mbio zaanza upya?

Mzani

Kweli, akishusha na huyo lengo linasogea. Ndo maana muulize wa Spark kwanza bei yake ya mwisho, uiweke kwenye jedwali, alafu ndo uende kwa wa Samsung.

Mama_Vitenge

Wakuu nimetoka huko leo. Wa Spark hakushusha hela ila ameongeza kava na protekta. Wa Samsung nilimwomba ashushe elfu 20, akagoma, mwisho wake 485,000, yani elfu 10. Jumla ya A15 ikawa 6.79. Nimechukua Spark, nimelipa 450,000 na hela iliyobaki imeenda kwenye mzigo wa vitenge vya wax. Laini zote mbili zimekaa.

Mzani

Hongera dada, itumike kwa heri. Mimi ningekuwa na miaka mitano ya kukaa nayo kama wewe ningeipa apdeti 20 na ningeondoka na A15, na hilo 5 ulilozipa zile mbili lilikuwa la kubahatisha, ila simu ni yako na uzito ni wako.

Mwl_Kihesa

Hata mimi hapo kwenye 5 nilisita. Ukikosa ahadi iliyoandikwa unatoa 5 ya katikati au unatoa 1? Kwenye mtihani karatasi tupu ni sifuri.

Mzani

Kwenye zabuni pia, kisichoandikwa hakipo. Tukitumia hiyo, Spark ikipata 1 kwenye apdeti inashuka mpaka 6.25 na A15 inashinda wazi. Ila simu hazikosi apdeti kabisa kisa tu hazikuahidi, kwa hiyo 1 nayo naiona kali. Sijawahi kupata jibu la hili linaloniridhisha.

Chuma_Chakavu

Na Spark gramu ngapi?

Mama_Vitenge

Nitaiweka kwenye mzani wa dukani kesho nikujibu kaka.